Taarifa za maafa hazijumlishwi kama magunia

Mvua zikikaribia huwa naandika kuhusu mbegu, mbolea na viwavijeshi. Leo naomba niwape jambo lingine ambalo nimeona linawagharimu wakulima wa huku kwetu milimani kuliko viwavijeshi wa msimu mmoja. Ni ule muhtasari unaoandikwa siku ya kwanza na ya pili baada ya mvua ya mawe, upepo au mafuriko, ule unaotoka kwenye kata kwenda wilayani ili misaada ipangwe. Siku hizi wanaoandika au kusaidia kuandika ni nyinyi, maana nyinyi ndio wenye simu nzuri na ndio makatibu wa vikundi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia kijijini mpaka Taifa, na kamati ya kijiji ikikaa usiku, ukiangalia nani ameshika kalamu, ni kijana wa kikundi cha maharage.

Maoni yangu ni haya, na najua wapo watakaonibishia: kazi ya muhtasari si kutoa jumla kubwa. Kazi yake ni kumwezesha mtu aliye mbali, ambaye ana gari moja na turubai chache, ajue aanzie wapi na abebe nini. Jumla inayopatikana kwa kujumlisha kila meseji iliyoingia kwenye kundi la WhatsApp haimsaidii. Mara nyingi inampoteza.

Tuanze na majirani zetu wa Kagera. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa ule, Bukoba na Missenyi zikaumia zaidi. Taarifa za mwanzo kutoka mkoani zilisema nyumba 840 zimeanguka na 1,264 zimepata nyufa. Baadaye tathmini ilipopita nyumba kwa nyumba, takwimu za Serikali zikawa hivi: nyumba 2,063 zimeanguka, 14,081 ziko katika hali ya hatari, na 9,471 zina uharibifu mdogo. Watu waliotajwa kuhitaji msaada ni 126,315.

Hebu tulia na hizo namba kidogo. Kwanza, tofauti ya 840 na 2,063 haina maana kwamba mtu alidanganya. Siku ya kwanza watu wanahesabu kile wanachokiona toka barabarani. Ndiyo maana namba ya maafa bila tarehe na saa yake haina thamani. Ukiandika "nyumba 840" bila kusema ni za lini, atakayesoma wiki ya pili atadhani hali imeishia hapo.

Pili, angalia walivyozigawa nyumba katika makundi matatu. Hapo ndipo kazi nzuri ilipofanyika. Nyumba iliyoanguka inahitaji hema leo. Nyumba yenye hali ya hatari inahitaji mtu atoke ndani leo, halafu fundi aje aamue kama inakarabatiwa au inavunjwa. Nyumba yenye ufa mdogo inahitaji simenti na muda. Ukizijumlisha zote ukaandika "nyumba 25,615 zimeathirika" umesema kweli, lakini aliyekuwa anatafuta idadi ya mahema umemnyang'anya jibu.

Tatu, chukua simu yako ugawe: 126,315 kwa 25,615. Utapata karibu 4.9, yaani ukubwa wa kaya ya kawaida ya vijijini. Sasa gawa 126,315 kwa nyumba zilizoanguka na zile za hatari tu, ambazo ni 16,144. Unapata 7.8, kubwa mno. Kwa hiyo, kwa hesabu tu, inaelekea namba ile ya watu ilibeba nyumba zote, hata zenye ufa mdogo. Si kosa, ila ni lazima mpangaji ajue. Aliyepanga mahema kwa watu 126,315 na aliyepanga kwa wakazi wa nyumba 2,063 wamepanga vitu viwili tofauti kabisa, na wote wawili wamesoma karatasi moja.

Huu mtihani wa kugawa watu kwa nyumba au kwa kaya ni mfupi na unakamata mengi. Sensa ya 2022 inatupa wastani wa watu 4.3 kwa kaya kitaifa, na vijijini huwa juu kidogo. Taarifa ikikuletea watu 9 kwa kaya, kuna mawili: ama nyumba zimehesabiwa kama kaya wakati kila nyumba ina familia mbili, ama mtu ameongeza chumvi. Ikikuletea 2, basi huenda watoto hawajahesabiwa. Haikuambii jibu, inakuambia wapi pa kupiga simu.

Upande wa mashamba hali ni mbaya zaidi, na hapa ndipo linapotugusa sisi. Kule Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya mlima iliyolowa maji iliporomoka, tope na mawe vikashuka Katesh, Gendabi na Jorodom. Idadi ya vifo ilianza chini, ikawa 47, ikapita 60, na mwisho ikafika 89. Taarifa za Serikali za siku za mwanzo zilisema kaya 1,150 zenye watu 5,600 zimeathirika, na ekari 750 za mashamba zimeharibiwa. Gawa 5,600 kwa 1,150: 4.9. Hapo hesabu imekaa vizuri, kaya na watu vinaongea lugha moja.

Lakini zile ekari 750? Mimi kama bwana shamba nikiisoma namba hiyo peke yake siwezi kuagiza hata kilo moja ya mbegu. Ni ekari za zao gani, lilikuwa kwenye hatua gani? Limefunikwa na tope, hivyo hata udongo wa kupandia haupo, au maji yamepita tu? Shamba lililofunikwa na mawe na shamba lililolala kwa maji yana hitaji tofauti kama nyumba iliyoanguka na nyumba yenye ufa. Kwenye nyumba tumeshajifunza kugawa makundi, kwenye mashamba bado tunaandika "ekari kadhaa zimeharibika vibaya". Matokeo yake misaada inayokuja ni unga na mablanketi, ambavyo ni vya lazima, sikatai, ila mbegu inafika wakati wa kupanda umeshapita.

Sasa tufanye zoezi. Mfano huu nimeutunga, usitafute kijiji chake, ila meseji za namna hii mnazijua. Tuseme ni mwisho wa Novemba. Usiku wa Jumatatu imenyesha mvua ya mawe yenye upepo. Jumanne zinaingia meseji nne.

Ya kwanza, Mtendaji wa kijiji, saa 4 asubuhi: "Kitongoji cha Shuleni nyumba 14 zimeezuliwa, kaya 17 hazina pa kulala, mahindi na maharage yameharibika vibaya kama ekari 60. Tunaomba msaada wa haraka."

Ya pili, mwenyekiti wa kitongoji hicho hicho, saa 9 alasiri: "Nyumba zilizoathirika mpaka sasa 23, tunaendelea kuhesabu."

Ya tatu, katibu wa kikundi cha wakulima, saa 10: "Wanachama wetu wamepoteza maharage hekta 18. Kalavati la njia ya kwenda kijiji cha pili limebebwa, gari halipiti."

Ya nne, mwalimu mkuu, saa 11: "Madarasa 2 yameezuliwa. Familia 9 zimelala shuleni."

Mtu mwenye haraka anajumlisha: nyumba 14 na 23 ni 37. Kaya 17 na 9 ni 26. Ekari 60 na 18 ni 78. Anatuma. Mwingine mwerevu kidogo anakumbuka kwamba hekta moja ni ekari 2.47, anageuza zile 18 kuwa ekari 44, anapata 104. Naye anatuma. Sasa wilayani kuna karatasi mbili kutoka sehemu moja.

Mimi nafanya hivi. Kabla ya kujumlisha chochote, kila namba naipa mstari wake, na kila mstari una mambo sita: nini kimehesabiwa, ngapi, wapi, lini, nani amesema, na kama ameona kwa macho au ameambiwa. Meseji ya kwanza peke yake inatoa mistari mitatu: nyumba zilizoezuliwa 14, kaya zisizo na makazi 17, ekari 60 za mazao mchanganyiko. Ile "tunaomba msaada wa haraka" haiingii popote, maana haijasema msaada gani. Isikuume. Hata wewe ukiandika "naomba pembejeo" dukani hupewi kitu mpaka useme ni nini na kilo ngapi.

Ukishapanga mistari unaanza kuona maswali. Nyumba 23 za alasiri, zile 14 za asubuhi zimo ndani? Neno "zilizoathirika" linabeba nini? Familia 9 za shuleni ni sehemu ya zile kaya 17 au ni nyingine? Hekta 18 za kikundi ziko kitongoji hicho hicho au zimevuka kalavati? Maswali manne, simu tatu, pengine dakika ishirini. Hizi dakika ishirini ndizo watu wanaziruka.

Na namna ya kuuliza ina adabu yake. Mzee amelala macho usiku mzima, usimpigie kama unamkagua.

"Shikamoo mwenyekiti, poleni sana na usiku."

"Marahaba bwana shamba. Ndo hivyo, tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa."

"Tunashukuru. Zile nyumba 23, na zile 14 za Mtendaji zimo humo humo?"

"Zimo. Paa lote limeondoka ni hizo 14. Hizi 9 zimeng'oka bati mbili tatu, wenyewe wamo ndani."

Umeona? Hukumuuliza "una uhakika?" Swali la "zimo humo humo?" linamruhusu akusahihishe bila kuaibika. Na kapita bila kuulizwa kwenye jambo kubwa, kwamba hakuna kifo. Hilo nalo liandike, likiwa na saa yake. Sufuri iliyosemwa na mtu ni taarifa.

Tuendelee na mfano wetu. Mwalimu anasema zile familia 9 zote zimetoka kwenye nyumba zilizoezuliwa, na Mtendaji anathibitisha kwamba 8 nyingine ziko kwa ndugu. Kwa hiyo kaya zisizo na makazi ni 17, basi. Nyumba 14 zina kaya 17 kwa sababu nyumba tatu zilikuwa na familia mbili mbili. Katibu wa kikundi anafafanua kwamba katika hekta 18, hekta 6 ziko Kitongoji cha Shuleni na Mtendaji alishazihesabu kwenye zile ekari 60. Hekta 12 ziko kijiji cha pili, ng'ambo ya kalavati. Hekta 12 ni kama ekari 30. Hivyo jumla ni ekari 90, si 78 na si 104. Mmoja alipunguza kwa kuchanganya vipimo, mwingine alizidisha kwa kuhesabu shamba moja mara mbili.

Je, kama simu hazipatikani? Basi usichague namba unayoipenda. Andika "kati ya ekari 60 na 104, haijathibitishwa kama mashamba ya kikundi yamo ndani". Kuna watu wanaona aibu kuandika "kati ya". Mimi nasema namba pana iliyo ya kweli inamsaidia mpangaji kuliko namba moja nzuri ya uongo, kwa sababu inamwambia wapi pa kumtuma mtu kesho asubuhi.

Sasa mahitaji. Kosa la kawaida ni kuchukua namba ya uharibifu na kuigeuza kuwa namba ya mahitaji moja kwa moja: ekari 90, mbegu za ekari 90. Shamba haliko hivyo. Katika mfano wetu tuseme ekari 35 ni mahindi na 55 ni maharage. Mahindi ya ekari 30 yamepandwa mapema Novemba, yana majani manne au matano. Mvua ya mawe imeyachana majani, ukiyatazama unaweza kulia. Lakini mahindi ya umri huo sehemu inayokua bado iko chini ya udongo, au usawa wa udongo. Subiri siku saba hadi kumi. Chimbua mche mmoja, pasua shina kwa kisu: ukikuta katikati ni peupe na pagumu, na jani jipya linachomoza, mche huo unapona. Ukikuta pamekuwa kahawia na pamelainika, umekufa. Kwa hiyo ekari 30 zinaandikwa "zimejeruhiwa, kuangaliwa tena baada ya siku 7", haziandikwi "zimeharibika". Ekari 5 zilizopandwa na mvua za kwanza za Oktoba zimerefuka, mashina yamevunjika, hizo zimekwenda.

Maharage ni hadithi nyingine. Yenyewe machipukizi yako juu, hewani. Shina likivunjika chini ya yale majani mawili ya kwanza ya mbegu, halichipui tena. Likivunjika juu yake linaweza kuchipua pembeni. Tuseme watu wamepita mashambani wakaona ekari 40 mashina yamekatika chini, na 15 majani tu ndiyo yaliyochanika. Hitaji la mbegu basi ni la ekari 40. Kwa maharage ya punje za wastani weka kilo 30 kwa ekari: kilo 1,200, magunia 12 ya kilo mia. Karatasi ya ekari 104 ingeomba tani tatu na zaidi. Hizo zingekataliwa, au zingekatwa nusu bila kuuliza, na pengine nusu yenyewe ingekuja mbegu ya mahindi ambayo hakuna aliyeihitaji.

Halafu weka tarehe ya mwisho ya hitaji. Huku kwetu maharage ya msimu wa kwanza yakipita katikati ya Desemba unakuwa unabahatisha, bora usubiri kupanda Februari hadi mwanzoni mwa Machi. Kwa hiyo mstari wa mbegu unaandikwa: "kilo 1,200, zifike ndani ya wiki mbili, zikichelewa, zije kabla ya Februari, zisije katikati". Sijaona mihtasari mingi yenye mstari wa namna hiyo. Turubai zina tarehe yake pia, ambayo ni leo jioni. Ukichanganya turubai na mbegu kwenye orodha moja ndefu isiyo na tarehe, atakayepakia gari atapakia kilicho karibu na mlango wa ghala.

Hapa naomba nigusie jambo ambalo watu hawapendi kulisema hadharani, la kuongeza namba. Wapo wanaoamini kwamba ukiandika kaya 17 utapewa kumi, kwa hiyo andika 40 ili upewe 17. Nawaelewa, wameumizwa siku za nyuma. Lakini fikiria aliye upande wa pili. Anapokea taarifa za kata nzima. Akikuta kijiji chenye kaya 40 zisizo na makazi na nyumba 14 zilizoezuliwa, haamini tena hata zile 14. Na kijiji cha jirani kilichoandika kweli kinasukumwa nyuma ya kile kilichozidisha, mpaka mtu aende kuhakiki, siku tatu zimekwisha. Ukitaka 17 yako iaminike, ambatanisha na zile 9 za shuleni ambazo mwalimu amezihesabu mwenyewe. Vyanzo viwili vinavyokubaliana vina nguvu kuliko namba kubwa. Majina ya watu yabaki kwenye daftari la Mtendaji, kwenye muhtasari unaozunguka weka idadi tu. Muhtasari ukishaingia WhatsApp huwezi kuurudisha.

Mahali nako kunachezewa. "Kitongoji cha Shuleni" viko vingapi Kibondo na Kasulu? Vingi. Andika kitongoji, kijiji, kata, wilaya, kila mstari, hata kama unajirudia. Ukiweza, ongeza namba za ramani: fungua ramani kwenye simu, bonyeza kwa muda ulipo, zinatokea namba mbili. Ya kwanza kwa sisi ina alama ya kutoa mbele, kwa sababu tuko kusini mwa ikweta. Mji wa Kibondo uko karibu na hapa:

```
-3.59, 30.72
```

Ile alama ya kutoa ikidondoka wakati unanakili, ramani inakupeleka kaskazini ya ikweta, kule Kongo inakopakana na Sudan Kusini. Ukizigeuza, ya pili ikatangulia, unaondoka huku kabisa. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kutuma, zibandike tena kwenye ramani uone kama kijiji chako ndicho kinachotokea. Na tarakimu nne baada ya nukta zinatosha, hiyo ni usahihi wa kama mita kumi. Mwishoni mwa mstari wa mahali andika njia: gari linafika mpaka wapi, pikipiki mpaka wapi. Katika mfano wetu, kalavati lililobebwa ni taarifa yenye thamani kuliko nusu ya namba zote. Bila hiyo, lori la mbegu litafika mtoni na kugeuka.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho naomba kisisahaulike. Kijiji cha pili, ng'ambo ya kalavati, kimetuletea nini? Hekta 12 za maharage, kupitia katibu wa kikundi tu. Nyumba? Hakuna taarifa. Watu? Hakuna taarifa. Kwenye jedwali la mtu mwenye haraka hapo patawekwa 0, na mpangaji atasoma kwamba wako salama. Lakini upepo uliong'oa nyumba 14 huku haukusimama kwenye mto kusubiri daraja. Kijiji kilicho kimya kinaweza kuwa ndicho kilichoumia zaidi: mnara umeanguka, simu hazina chaji, njia imekatika. Pale andika "hakuna taarifa", kwa maneno, na uweke kijiji hicho juu kabisa ya orodha ya sehemu za kwenda kuangalia. Ningeambiwa nichague kosa moja tu la kuliondoa kwenye mihtasari yetu, ningeondoa hiyo sufuri.

Ukishamaliza, muhtasari wetu wote wa Jumanne jioni unakaa kwenye meseji moja, hivi:

"Muhtasari namba 1, Jumanne saa 1 jioni. Kitongoji cha Shuleni: vifo 0 (mwenyekiti, saa 12 jioni). Nyumba zilizoezuliwa paa lote 14, zilizong'oka bati chache 9. Kaya zisizo na makazi 17: shuleni 9, kwa ndugu 8. Madarasa yaliyoezuliwa 2. Leo: turubai 17, maji safi shuleni. Kijiji cha pili: nyumba na watu hakuna taarifa, kalavati limebebwa, gari halipiti, anahitajika mtu wa kwenda kwa mguu kesho asubuhi. Mashamba, vijiji vyote viwili: ekari 90 zimeguswa. Maharage yaliyokufa ekari 40, yaliyochanika majani 15. Mahindi yaliyovunjika ekari 5, ya kuangaliwa tena baada ya siku 7 ekari 30. Mbegu ya maharage kilo 1,200 ndani ya wiki mbili."

Hapo nimekubana kidogo. Ukweli ni kwamba mgawanyo wa mashamba hauwezi kupatikana siku ile ile ya Jumanne, labda muwe na vijana sita wenye pikipiki. Kwa kawaida Jumanne ungetuma nyumba, watu na njia, na kwenye mashamba ungeandika "ekari 90 zimeguswa, mgawanyo Alhamisi". Hiyo ni sawa kabisa. Siku ya kwanza mashamba yanaweza kusubiri, mtoto aliyelala darasani bila paa hawezi.

Muhtasari namba 2 ukitoka Alhamisi, uanze kwa kusema nini kimebadilika na kwa nini: "Kaya zisizo na makazi zimepanda kutoka 17 hadi 25 kwa sababu kijiji cha pili kimefikiwa leo." Usifute namba ya juzi ukaweka mpya kimya kimya. Wilayani wameshapakia turubai 17, na wanatakiwa kujua kama zile 8 za nyongeza ni za watu wapya ng'ambo ya mto, au ni wale wale waliokuwa kwa ndugu wamerudi.